Mama hajui tena anachosaini, na benki wameikataa hati ya uwakili tuliyoandika mwaka jana

BintiMwalimu_Voi
Habari zenu wana jukwaa. Naomba mwenye kujua anisaidie, maana nyumbani tumefika mahali tunavutana.

Mama yangu ana miaka 79, mwalimu mstaafu, mjane. Tuko watoto wanne. Alianza kusahau kama miaka mitatu iliyopita, mwanzoni majina ya wajukuu, halafu sufuria jikoni, halafu njia ya kutoka kanisani. Mwaka jana, akiwa bado anaongea vizuri, tulikwenda naye kwa wakili akanipa hati ya uwakili, ile watu wanaita pawa ya atoni. Ikapigwa muhuri, ikasajiliwa. Nayo nimekuwa nikishughulikia akaunti yake, kodi za vyumba vyake sita na pensheni.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda benki kubadilisha nambari ya simu ya akaunti, kwa sababu laini yake ilipotea. Afisa akaomba aongee na mama. Nikampigia dada wa kazi, mama akapewa simu. Akaulizwa ana akaunti benki gani. Akajibu kwamba karo hulipwa kwa bwana mhasibu, mtoto aende ofisini. Afisa akaniangalia, akauliza mama anaumwa nini. Mimi nikasema ukweli. Palepale akarudisha hati yangu, akasema kama mwenye akaunti hana tena uwezo wa kuamua, hati hii haifanyi kazi, nilete amri ya mahakama. Tangu siku hiyo akaunti imesimama.

Kaka yangu anayenifuata anasema suluhisho ni rahisi: mama huamka vizuri asubuhi, tuandike hati mpya, tumwekee kidole gumba mapema kabla hajachoka. Tulijaribu Jumamosi. Nilimwekea karatasi mezani na kalamu nyekundu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Akavaa miwani, akasoma mstari mmoja mmoja kwa kidole, akaweka alama ya vema pembeni kila aya, kama anasahihisha daftari la mtoto. Mwisho akaandika chini, "Kazi nzuri." Nikaikunja karatasi nikaenda kulia jikoni.

Swali langu: hati ya mwaka jana imekufa kweli? Na je, tuendelee na hiyo ya kidole gumba?

MzeeKalamu
Pole sana binti. Lakini usibabaishwe na vijana wa kaunta. Hati ya uwakili iliyosajiliwa ina nguvu mpaka aliyeitoa afariki au aifute mwenyewe kwa maandishi. Mama hajafa na hajaifuta. Nenda tawi lingine, usiseme habari ya ugonjwa, watakuhudumia. Mimi nimetumia hati ya kaka yangu aliye Dubai miaka sita bila shida.

KaraniMstaafu
Mzee wangu MzeeKalamu, kwa heshima, hapo umempa nusu ya kweli, na ile nusu nyingine ndiyo itakayomuumiza. Kaka yako aliye Dubai ana akili zake timamu. Akichoka nawe kesho anapiga simu, anaifuta. Ndiyo maana hati yako inaishi.

Nilikaa masjala ya mashauri ya familia, Mahakama Kuu, miaka mingi kabla ya kustaafu. Mimi si wakili, lakini mafaili ya namna hii yamepita mikononi mwangu mengi. Hapa Kenya mambo ya uwakala yanafuata kanuni za kale za Uingereza tulizorithi kupitia Sheria ya Mikataba. Wakala anasimama kwenye miguu ya aliyemtuma. Hawezi kufanya jambo ambalo mtumaji mwenyewe hana uwezo wa kulifanya siku hiyo. Mtumaji akipoteza uwezo wa kuelewa, miguu hiyo haipo tena, na hati imekoma. Haihitaji mtu aifute. Inakoma yenyewe, hata kama karatasi bado ina muhuri na bado iko kwenye rejista.

Kwa hiyo, dada BintiMwalimu, afisa wa benki alisema sawa. Ulichofanya mwaka jana mama akiwa anaelewa hakina doa. Ulichofanya baada ya yeye kupoteza uwezo ndicho kinaweza kuhojiwa, hata kama ulikifanya kwa nia njema. Ukienda tawi lingine ukaficha ugonjwa, basi si kutojua tena. Siku ndugu mmoja akigeuka, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza atakayoipeleka kwa jaji, na hasara unaweza kuambiwa uilipe mwenyewe.

Na hiyo ya kidole gumba iache kabisa. Mtu asiyeelewa anachokitia kidole hajatoa hati yoyote. Jumamosi mama amewapa jibu kwa kalamu nyekundu.

Mkimbizi_wa_Baridi
Niko Leicester, Uingereza. Nashangaa mnavyosema. Hapa baba mkwe wangu aliandika hati inayoitwa hati ya kudumu, na alipopata alzaima hati ikaendelea kufanya kazi vizuri. Kwa kweli huku kazi yake hasa ni hiyo, kutumika mtu akishapoteza uwezo. Kwani sheria si moja, mmesema zimetoka Uingereza?

KaraniMstaafu
Zimetoka huko, lakini wenzetu waliondoka kwenye hiyo kanuni, sisi tukabaki nayo. Uingereza waliona shida hii hii, hati inakufa siku inapohitajika. Mwaka 1985 wakatunga sheria ya hati zinazodumu, halafu Sheria ya Uwezo wa Akili ya mwaka 2005 ikaleta hizo unazozijua. Tena wameziwekea ulinzi: lazima mtu huru athibitishe kwamba mwenyewe anaelewa anapotia saini, na lazima isajiliwe katika ofisi ya umma inayosimamia mambo hayo kabla ya kutumika. Kenya hatuna hati ya namna hiyo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inaruhusu hati ya uwakili iingizwe kwenye rejista, lakini kusajili si kuifanya idumu. Wengi wanachanganya hapo.

Mkimbizi_wa_Baridi
Asante. Basi na hiyo ya baba mkwe haitauza shamba lake la Kisii?

KaraniMstaafu
Kwa shamba la Kisii, msajili wa ardhi wa Kenya atauliza sheria ya Kenya. Mtafute wakili wa huku kabla hamjachukua hata shilingi ya mnunuzi.

Shangazi_Tanga
Poleni wapendwa. Mimi niko Tanga. Kwa nini msifungue mirathi tu? Mnakaa kikao cha ukoo, mnateua msimamizi wa mirathi, mnapeleka muhtasari mahakama ya mwanzo, mnapata barua ya usimamizi. Sisi tulifanya hivyo kwa marehemu mjomba, miezi mitatu tukamaliza.

BintiMwalimu_Voi
Shangazi, mama yu hai. Asubuhi hii amekunywa uji vikombe viwili.

Shangazi_Tanga
Nisamehe sana mwanangu, nilisoma haraka nikadhani ameshatangulia. Mungu ampe umri. Basi kwa mgonjwa aliye hai hata kwetu si mirathi. Nimemuuliza mwanangu anayefanya kazi kwa wakili. Anasema Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, imeandika wazi kwamba uwakala unakoma mmoja wao akifa au akili yake ikiharibika. Na maombi ya kusimamia mali ya mgonjwa yanakwenda mahakamani chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2008. Kumbe tunafanana.

Muuguzi_Kilifi
Dada, kabla ya mahakama nina swali la kitabibu. Mama amepimwa na nani, na lini? Nauliza kwa sababu neno "anasahau" si ripoti. Nimefanya wodi ya wazee, na nimeona wazee walioletwa wakiambiwa wana dimensia kumbe ni maambukizi ya njia ya mkojo. Mzee anachanganyikiwa ghafla, siku mbili tatu, anaona watu ambao hawapo, ukimtibu anarudi. Tezi ya shingo ikilegea, upungufu wa vitamini B12, msongo wa baada ya kufiwa, hata dawa za usingizi za dukani, vyote vinaweza kumfanya mtu aonekane amepoteza akili. Hivyo vinapimwa kwanza. Dimensia yenyewe inashuka polepole, miezi na miaka, kama ulivyoeleza wewe.

Jambo la pili: kuwa na dimensia si sawa na kutoweza kuamua. Nina wagonjwa wenye dimensia ya mwanzo wanaojua vizuri kabisa nani wanamwamini na fedha zao. Swali ni kama anaweza kuelewa jambo lililo mbele yake, kulishika akilini muda wa kutosha kulipima, na kusema anachotaka. Mtu anaweza kuchagua nguo na chakula, na asiweze kuamua kuhusu kiwanja.

BintiMwalimu_Voi
Alipimwa damu na mkojo mwaka jana, akapigwa na picha ya kichwa. Daktari wa magonjwa ya akili alimwona Mombasa mwezi wa pili. Kwenye yale maswali ya alama 30 alipata 11. Alimuuliza ni mwaka gani, akasema 1987. Barua tuliyopewa ina mstari mmoja: "Huyu ni mgonjwa wa dimensia anayetibiwa hapa."

KitindaMimba_Nakuru
Dada, hapo ndipo nilipoangukia mimi. Ngoja nikusimulie, usije ukapoteza miezi kama mimi.

Baba yangu, miaka 81, mstaafu wa reli. Ana vyumba vinane vya kupangisha, kila kimoja shilingi 4,000 kwa mwezi, jumla 32,000. Pensheni yake 19,400. Tuko watoto watano. Tulipeleka ombi Mahakama Kuu mwezi wa tatu, chini ya Sheria ya Afya ya Akili, Sura 248. Ndani ya faili kulikuwa na ombi lenyewe, hati yangu ya kiapo, nakala za hati miliki, taarifa za benki, na barua ya daktari ya mstari mmoja kama yako.

Jaji aliisoma, akatuuliza: barua hii inaniambia mzee anaumwa, inaniambia wapi kwamba hawezi kusimamia mali yake? Tulinyamaza. Akataka ripoti mbili, za madaktari wawili tofauti, mmoja awe wa magonjwa ya akili. Ripoti ya pili ilipokuja ilikuwa kurasa tatu. Ilieleza ugonjwa ulianza lini, alipimwaje, anakumbuka nini, hakumbuki nini, kwamba hajui thamani ya fedha (alipewa noti ya elfu akasema ni tikiti ya gari moshi), kwamba hali hii haitarudi nyuma, na kwamba hawezi kutoa maagizo kuhusu mali. Hiyo ndiyo iliyofanya kazi.

La pili lililotukwamisha ni ridhaa za ndugu. Sisi wanne tulisaini, wa tano yuko Doha na alikuwa amenuna. Tulitaka kumruka. Wakili akakataa, akasema ukimruka atakuja kuvunja amri baadaye kwa kusema alifichwa. Alitumiwa karatasi, akaapa mbele ya ofisa wa ubalozi wetu huko, ikarudi. Siku ya kusikilizwa tulimpeleka baba mwenyewe. Jaji alimsalimia akamuuliza watoto wake ni wangapi. Baba akasema watatu. Alitutazama sote watano na hakuona kosa.

Amri ilitoka mwezi wa kumi. Ukihesabu, miezi saba, na mitatu katika hiyo ilikuwa ya barua ya daktari.

MzeeKalamu
Nakubali nilikosea, na nimejifunza. Lakini niulize: baada ya amri, wewe si ndiye mwenye mali sasa? Unaweza kuuza?

KitindaMimba_Nakuru
Hapana mzee. Nilidhani hivyo pia. Amri yangu inanipa kupokea kodi, kuendesha akaunti, kulipa hospitali na mlezi, kulipa madeni yake. Lakini kuuza kiwanja, kukiweka rehani, kukitoa zawadi, kukibadilisha na kingine, au kukipangisha kwa zaidi ya miaka mitano, lazima nirudi kwa jaji kuomba ruhusa maalumu.

Nilirudi kweli. Baba alianguka bafuni, akavunjika nyonga. Upasuaji na mengine yake tuliambiwa yatafika kama milioni moja na laki mbili, na bima yake ilikuwa inafunika sehemu ndogo. Akaunti ilikuwa na laki tatu na kidogo. Alikuwa na kiwanja kitupu ambacho hakiingizi kitu. Nikaomba ruhusa ya kukiuza. Jaji alitaka ripoti ya mthamini, makadirio ya hospitali, na maelezo kwa nini nisitumie fedha nyingine. Akaruhusu, kwa sharti kwamba bei isiwe chini ya ile ya mthamini, fedha zote ziingie akaunti ya baba na si yangu, na mkataba urudishwe mahakamani. Kulikuwa na mnunuzi wa haraka aliyetoa pesa taslimu chini ya bei kwa laki mbili. Ilibidi nimwache.

Mpwa_Aliyedhulumiwa
Nyinyi mnasifu amri hizi, mimi nimeona upande wa pili. Mjomba wangu mkubwa alipata amri juu ya bibi yetu. Aliyekuwa akimwogesha bibi na kumlisha ni mama yangu. Mjomba akachukua kodi, akanunua gari, bibi akawa analala kwenye godoro lililochanika. Tukiuliza anatoa karatasi yenye muhuri: "Mimi ndiye mahakama imenichagua." Hizi amri ni leseni ya kula mali ya wazee.

KaraniMstaafu
Pole sana kijana, na ninakuamini, maana nimeona mafaili ya namna hiyo. Ila karatasi ile ile ya mjomba ina makali upande wa pili. Msimamizi anatakiwa ndani ya miezi sita tangu kuteuliwa apeleke orodha ya mali yote na madeni yote, nakala moja mahakamani na nyingine kwa Mdhamini wa Umma. Halafu hesabu kila mwaka: kimeingia nini, kimetoka nini. Jamaa yeyote anaweza kwenda mahakamani kudai hesabu hiyo, na msimamizi anaweza kuondolewa akawekwa mwingine.

Shida yetu ni kwamba hakuna anayekuja kukukumbusha. Ukipeleka, faili linakaa. Usipopeleka, faili linakaa vile vile mpaka mtu apige kelele. Mama yako alifungua ombi la kudai hesabu?

Mpwa_Aliyedhulumiwa
Hakujua kama inawezekana. Bibi alifariki mwaka juzi.

KaraniMstaafu
Poleni. Amri ile ilikoma siku bibi alipofariki, sasa ni mambo ya mirathi. Lakini aliyeshika mali bado anadaiwa maelezo ya alichoshika. Mwulizeni wakili ndani ya shauri la mirathi, msianze upya pembeni.

KitindaMimba_Nakuru
Nimwongezee Mpwa. Mimi ninatumia daftari la kawaida la kurasa 200. Kushoto kilichoingia, kulia kilichotoka, risiti nimegundisha kwa gundi. Mwezi uliopita: kodi 28,000 kwa sababu chumba kimoja kilikuwa kitupu, pensheni 19,400, jumla 47,400. Mlezi 15,000, dawa 6,200, nepi 7,500, chakula 9,000, maji na umeme 2,300, fundi wa choo 1,800. Imebaki 5,600. Kila tarehe 5 napiga picha kurasa hizo natuma kwenye kundi la familia. Yule wa Doha aliyenuna ndiye anayekagua sana, na siku hizi anatuma pesa ya nepi.

Nyundo_na_Msumari
Mie naona mnamzungusha mama wa watu. Kuna familia ngapi Kenya hii zinazotumia namba ya siri ya simu ya mzee na kadi yake ya benki, maisha yanaendelea? Mahakama ni ghali. Kwa vyumba sita wakili atakula kodi ya mwaka.

BintiMwalimu_Voi
Kaka, ndivyo tulivyokuwa tukifanya, hata kabla ya hati. Namba yake ya siri ya M-Pesa ilikuwa mwaka wa kuzaliwa wa kitinda mimba wetu. Laini ilipopotea ikaisha hapo. Kuisajili upya wanamtaka mwenyewe na kitambulisho, na ajibu maswali. Ndipo nikajikuta sina mlango. Wapangaji wanne bado wanatuma kodi kwenye laini ile, siwezi kuigusa.

KaraniMstaafu
Nyundo, sikatai kwamba wengi wanaishi hivyo, na gharama ni kweli. Kwa mzee mwenye pensheni ndogo tu na ndugu wanaosikizana, familia nyingi hazifiki kwetu. Lakini kukiwa na nyumba, kodi, kiwanja na ndugu zaidi ya mmoja, kadi ya siri inakuwa ushahidi dhidi ya aliyeishika, hata kama ndiye aliyekesha hospitali.

Dada BintiMwalimu, kwa wapangaji, waandikie leo barua moja, msaini ndugu wote mnaokubaliana, kwamba kodi itunzwe au iingie moja kwa moja kwenye akaunti ya mama kwa nambari ya akaunti. Akaunti kusimama kutoa hakuizuii kupokea, lakini hakikisha na benki. Msianzishe akaunti mpya ya jina lako kupokea kodi ya mama. Mkiwasilisha ombi, mwambieni wakili aombe pia amri za muda, ili mpate kulipa dawa na mlezi wakati shauri linaendelea. Onyesheni kiasi hasa kwa mwezi. Jaji hapendi kusikia "gharama mbalimbali".

Muuguzi_Kilifi
Na mimi niulize karani: ombi linataka vitu viwili, usimamizi wa mali na ulezi wa mtu mwenyewe? Kwa sababu naona watu wanapata amri ya mali halafu wanadhani sasa wanaweza kumhamisha mzee, kumfungia, kumzuia asione watoto wengine.

KaraniMstaafu
Swali zuri. Ni vitu viwili, na si lazima vikae kwa mtu mmoja. Nimeona jaji akimpa binti aliyeishi na mama ulezi, na mali akawapa wawili kwa pamoja, binti na kaka, mmoja asitoe fedha bila saini ya mwenzake. Inapunguza mwendo kidogo benki, lakini inapunguza na manung'uniko. Marekebisho ya 2022 pia yameleta lugha mpya ya msaidizi na mwakilishi wa mgonjwa, na sheria sasa inataka mgonjwa asikilizwe kadiri anavyoweza. Hapo majaji hawajawa na sauti moja. Wapo wanaosema mtu asiyeelewa kabisa anahitaji mlezi wa kumwamulia, wapo wanaouliza kwanza kama msaada wa kuamua ungetosha.

Muuguzi_Kilifi
Mimi niko na hao wa pili, kwa mgonjwa aliyeko mwanzoni. Mgonjwa wangu mmoja, mwanamke wa miaka 74, aliweza kusema wazi kwamba hataki mwanawe wa kwanza ashike fedha. Alipewa muda, asubuhi, bila watu chumbani, akarudia jibu lile lile siku tatu tofauti. Huyo bado ana sauti.

KitindaMimba_Nakuru
Sikubaliani kikamilifu. Kwa baba yangu angerudia jibu lile lile kwamba yuko kazini Eldoret na treni inamsubiri. Kuna hatua msaidizi hatoshi. Mtu lazima asaini.

Bi_Zuhura_Kisauni
Assalaam alaykum. Mimi na mume wangu tuna miaka 66 na 71, bado tunajua tunachofanya alhamdulillahi. Nimesoma uzi wote moyo unanidunda. Sasa kama hati ya uwakili haitadumu Kenya, mtu aliye mzima leo afanye nini? Na sisi Waislamu twende kwa Kadhi?

KaraniMstaafu
Waalaykum salaam mama. Kadhi kwa Katiba ana ndoa, talaka, mirathi na hali za kibinafsi kwa Waislamu. Maombi ya kusimamia mali ya mgonjwa chini ya Sura 248 niliyoyaona yote yalikuja Mahakama Kuu, pamoja na ya familia za Kiislamu.

Kwa mliye wazima: andikeni leo nani mnamtaka awe msimamizi na mlezi wenu, kwa jina, na nani hamumtaki. Wekeni sahihi mbele ya wakili, na siku hiyo hiyo daktari awaandikie kwamba mnaelewa mnachofanya. Karatasi hiyo haimfungi jaji kama amri, lakini nimeona ikisomwa mahakamani, na ndugu waliokuwa wakigombana wakanyamaza. Akaunti ya pamoja ya mke na mume yenye ruhusa ya mmoja kutoa inasaidia matumizi ya nyumbani, ila ulizeni benki masharti yao mmoja akipoteza uwezo. Na orodhesheni mali. Mafaili mengi yanachelewa kwa sababu watoto hawajui mzee ana hisa ushirika gani na hati miliki iko kabati gani.

Bi_Zuhura_Kisauni
Hati miliki iko kwa shemeji yangu. Nitaifuata kesho.

BintiMwalimu_Voi
Narudi. Nimeshukuru sana, hasa Karani na Kitinda Mimba. Leo nimefanya mambo matatu. Nimempigia daktari wa Mombasa, amekubali kuandika ripoti kamili baada ya kumwona mama tena tarehe 14, na amenipa jina la mwenzake wa pili. Barua ya wapangaji imesainiwa na watatu kati yetu wanne, wapangaji wameipokea. Hati ya uwakili nimeirudisha kwa wakili, nimemweleza kila malipo niliyofanya nayo tangu mwaka jana, na risiti nilizonazo. Kuna miezi miwili sina risiti, ile ya paa la vyumba. Fundi bado yupo, nitamwomba aandike.

Kaka yangu wa kidole gumba bado hajakubali. Anasema mahakama ni kumtangaza mama kuwa mwendawazimu mbele ya watu wa Voi, na neno hilo limemkera kiasi kwamba hataki kusaini ridhaa. Nimemwambia ombi linasema ugonjwa, si wazimu. Hajanijibu.

KitindaMimba_Nakuru
Usimkimbize. Mwonyeshe ile karatasi ya kalamu nyekundu. Umeitunza?

BintiMwalimu_Voi
Nimeitunza. Iko ndani ya Biblia ya mama.

Nyundo_na_Msumari
Swali moja, karani: huyo kaka akikataa kabisa kusaini, ombi linakwama?

KaraniMstaafu
Halikwami. Anapelekewa nakala rasmi, anapewa nafasi ya kuja kupinga na kusema sababu. Asipokuja, jaji anaendelea. Akija, anasikilizwa, na mara nyingi kinachobaki kubishaniwa ni nani ashike fedha. Dada, kaka yako anaposema "wazimu", sikiliza kama ana hofu nyingine nyuma ya neno hilo. Je, anaishi kwenye kimoja cha vyumba vya mama?

BintiMwalimu_Voi
Ndiyo. Chumba namba tatu. Tangu 2020, bila kodi. Mama mwenyewe ndiye aliyemruhusu.

KaraniMstaafu
Basi liandikwe kwenye ombi hivyo hivyo, kwamba mama alimruhusu akiwa na akili zake, na muombe jaji alithibitishe. Kaongee naye hilo kwanza, kabla ya jambo lingine lolote.